Mbwa Mwenye Tumbo Jekundu na Nyayo Zinazowasha: Viroboto, Fangasi au Mzio? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nayapokea kutoka kwa wafugaji wa mbwa wa Kigoma Mjini, Ujiji na vijiji vya jirani, na huwa mengi zaidi mvua zinapoanza mwezi wa Novemba. Mimi ni daktari wa mifugo. Ng'ombe na mbuzi ndio wanaonishughulisha siku nyingi, lakini mbwa anayejikuna usiku kucha hadi nyumba nzima ikose usingizi ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale magumu.

## Kuanzia mwanzo

Mbwa wangu ana tumbo jekundu na analamba miguu kila saa. Huu ni ugonjwa gani?

Tumbo jekundu na miguu inayolambwa ni dalili. Jina la ugonjwa bado hatujalipata. Hapa kwetu mambo matatu ndiyo huleta sura hiyo mara nyingi zaidi: viroboto, fangasi wa ngozi, na mzio (wengi tunaita aleji). Kwa macho matupu yanafanana sana, kwa sababu ngozi ya mbwa haina njia nyingi za kulalamika. Inakuwa nyekundu, inawasha, nywele zinanyonyoka, na ikiendelea kukunwa inakuwa nene na nyeusi.

Kinachotofautisha ni mahali muwasho ulipoanzia, umri wa mbwa ulipoanza, majira ya mwaka, harufu, na kile kinachopatikana ukimchana kwa kitana. Ukimpelekea daktari habari hizo tano, umempunguzia nusu ya kazi.

Kwa nini tumbo na miguu, na mgongo uko salama?

Tumbo, kwapa na kinena vina nywele chache, hivyo ngozi hapo inagusana moja kwa moja na majani, vumbi, udongo na sabuni ya sakafuni. Katikati ya vidole kuna joto na unyevu muda wote. Mbwa mwenye mzio hupokea chembe zinazomsumbua kupitia ngozi, na ngozi nyembamba ndiyo mlango mwepesi. Fangasi nao hupenda mikunjo yenye unyevu.

Viroboto wana tabia tofauti kidogo. Makao yao makuu ni kiunoni, kwenye shina la mkia na nyuma ya mapaja, kisha hushuka tumboni. Kwa hiyo mbwa anayejitafuna juu ya mkia, mshuku kiroboto kwanza. Anayelamba nyayo nne na kusugua uso kwenye mkeka huku mkia ukiwa salama, mzio unaanza kupata nguvu.

Nitajuaje ni kipi kati ya hivyo vitatu?

Mara nyingi si kimoja, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Watu huvichukulia kama wagombea watatu ambao mmoja lazima ashinde. Kwa mbwa halisi hukaa kwa tabaka, kimoja juu ya kingine. Mzio hudhoofisha ngozi, mbwa hulamba, unyevu wa mate huwapa fangasi nafasi ya kuongezeka, kisha viroboto wachache ambao mbwa mzima angewavumilia wanakuwa mzigo wa mwisho. Ukitibu tabaka moja, muwasho unapungua bila kuisha, nawe unasema dawa haifanyi kazi.

Ndiyo maana tunavua tabaka kwa mpangilio: wadudu kwanza, kisha fangasi, na mzio mwisho. Mpangilio huu una sababu. Viroboto na fangasi vinaonekana kwa kitana na hadubini, na vinatibika. Mzio hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Unautambua kwa kuondoa vingine vyote na kuangalia kilichobaki.

## Viroboto

Nimemkagua vizuri, sioni kiroboto hata mmoja. Si nimeshawaondoa kwenye orodha?

Bado. Mbwa anayejilamba sana humeza viroboto wake, na mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huweza kuwashwa kwa siku nyingi baada ya kuumwa mara chache tu. Usimtafute kiroboto mwenyewe, tafuta kinyesi chake.

Chukua kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana kinachouzwa dukani. Mchane mbwa kiunoni na kwenye shina la mkia, hadi kitana kiguse ngozi chini ya nywele, kwa dakika tano hivi. Kung'uta kilichotoka juu ya karatasi ya chooni nyeupe, kisha idondoshee maji. Subiri kidogo. Vumbi la kawaida litabaki jeusi au la kahawia. Kinyesi cha kiroboto ni damu ya mbwa iliyokauka, kwa hiyo chembe nyeusi itaanza kutoa duara la wekundu kama kutu linalosambaa kwenye karatasi. Ukiona duara hilo, viroboto wapo, hata kama hujamwona mmoja akiruka.

Usipoona kitu, na mbwa hajapewa dawa ya viroboto ndani ya mwezi mmoja, bado ninashauri apewe. Dawa ya viroboto iliyo sahihi ni kipimo pia.

Nilimpulizia dawa wakafa wote, baada ya wiki mbili wamerudi. Dawa ni feki?

Huenda ni nzima. Viroboto wakubwa unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo ya ukoo wao. Mayai, mabuu wao wadogo na walio ndani ya vifukofuko wamo kwenye gunia analolalia, kwenye nyufa za sakafu ya udongo, chini ya kochi, kwenye vumbi la banda. Kwa joto letu la Kigoma, yai huweza kufika kuwa kiroboto ndani ya wiki tatu hivi. Aliye ndani ya kifukofuko hadhuriki kirahisi na dawa ya kupuliza, na anaweza kusubiri kwa miezi hadi asikie mtikisiko wa mnyama akipita.

Kwa hiyo mambo mawili yaende pamoja. Kwanza, wanyama wote wa nyumba watibiwe siku moja, na waendelee kupata dawa bila kukatiza kwa miezi mitatu, kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye pakiti. Pili, safisha mahali: choma gunia la zamani, fua matandiko kwa maji ya moto, fagia nyufa na utupe takataka mbali, na liache banda wazi jua liingie. Mabuu wa kiroboto hawavumilii ukavu wala jua kali, na jua tunalo bure.

Angalizo kwa wenye paka: dawa nyingi za mbwa zina permetrini. Mbwa huivumilia, lakini paka huanza kutetemeka na anaweza kufa. Soma kibandiko kabla ya kumgusa paka, na mtenge na mbwa aliyepakwa hadi dawa ikauke kabisa.

Naweza kutumia dawa ya kuogeshea ng'ombe?

Nawaomba msifanye hivyo kwa kukadiria. Dawa ya josho yenye amitrazi huja ikiwa kali sana, nayo huzimuliwa kwa vipimo vilivyowekwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe hajilambi mwili mzima kama mbwa. Mbwa aliyepewa nyingi hulegea, husinzia, mapigo ya moyo hushuka na mwili hupoa. Oili chafu ya gari, mafuta ya taa na maji ya tumbaku navyo viacheni kabisa. Vinaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, na mbwa anavilamba vyote.

## Fangasi

Fangasi wa mbwa wanaonekanaje?

Pua ndiyo kipimo cha kwanza. Mbwa mwenye fangasi wa aina ya malasezia ana harufu nzito ya uvundo, kama soksi zilizolowa zikafungwa ndani ya mfuko, na inarudi siku moja au mbili baada ya kuogeshwa. Ukimshika kwapani au katikati ya vidole, vidole vyako vinatoka na utelezi wa mafuta. Nywele za hapo, kama ni mbwa mweupe au wa rangi ya maziwa, zimegeuka kahawia yenye wekundu. Mzizi wa kucha nao huwa na rangi ya kahawia. Ikiwa imekaa miezi mingi, ngozi ya kinena na chini ya shingo inakuwa nene, nyeusi na yenye mistari kama ngozi ya tembo. Chunguza masikio pia, kwa sababu nta ya kahawia yenye harufu ni ndugu wa tatizo hilohilo.

Rangi ya kahawia peke yake isikupeleke moja kwa moja kwenye fangasi. Mate ya mbwa yana kitu kinachotia nywele rangi hiyo, kwa hiyo mbwa yeyote anayejilamba sana hupata miguu ya kahawia. Harufu na utelezi vikiambatana na rangi, hapo fangasi ananguruma.

Kuthibitisha ni kazi ndogo. Daktari hubandika utepe wa gundi angavu kwenye ngozi, huupaka rangi ya maabara na kuutazama kwenye hadubini. Malasezia huonekana kama punje za karanga mbili ndani ya ganda moja, zimebanwa katikati. Wachache ni kawaida, kwani wanaishi kwenye ngozi ya kila mbwa. Wakiwa wengi kila unapotazama, wanahitaji kutibiwa.

Jirani ameniambia nimpake mawese. Yanasaidia?

Kwa hili, hapana. Najua mawese ni dawa ya nyumba nyingi za Kigoma, na kwenye ngozi kavu iliyopasuka yanalainisha kweli. Lakini malasezia hula mafuta. Wanapenda ngozi yenye mafuta kwa sababu hawawezi kujitengenezea mafuta wanayoyahitaji, wanayachukua kwa mwenyeji wao. Ukipaka mawese kwenye kinena chenye fangasi, siku mbili za kwanza wekundu unaonekana kutulia kwa kuwa ngozi imelainika, kisha harufu inapanda. Nimeona mbwa wanaoletwa wakiwa wamepakwa kwa wiki nzima, na kazi ya kwanza inakuwa kuyaosha yote ndipo ngozi ionekane.

Nimuogeshe vipi ili fangasi waishe?

Tumia shampuu ya mbwa yenye klorheksidini pamoja na mikonazoli, au nyingine ambayo daktari amekuelekeza. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu angalau. Kosa ninalolikuta nyumba baada ya nyumba ni kupaka na kuosha papo hapo. Povu linatakiwa likae kwenye ngozi dakika kumi. Weka saa. Anza na miguu, kwapa na kinena, halafu mwili mwingine, ili zile sehemu mbaya zipate muda mrefu zaidi. Dakika kumi ni ndefu kwa mbwa aliyelowa, kwa hiyo mtu wa pili amshike na kumsemesha.

Kukausha ni nusu ya tiba. Pitisha taulo katikati ya kila kidole. Mbwa aliyeachwa ajikaushe mwenyewe juu ya udongo umemrudishia fangasi unyevu wao.

Kama shampuu haipatikani haraka, siki nyeupe ya mezani iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ikafutwa miguuni kwa kitambaa mara moja kwa siku, hupunguza kidogo. Usiiweke kwenye ngozi iliyochubuka, itamchoma sana. Vidonge vya fangasi kama ketokonazoli vipo, ila vinagusa ini, na kipimo chake atoe daktari.

## Mzio

Mbwa anapata mzio wa nini?

Makundi ni matatu. La kwanza ni mate ya kiroboto, tumeshalizungumza. La pili ni vitu vya mazingira: chavua ya nyasi na miti, utitiri wa vumbi la ndani, ukungu. La tatu ni chakula. Mzio wa mazingira kwa kawaida huanza mbwa akiwa kati ya miezi sita na miaka mitatu. Mbwa aliyekaa miaka minane bila shida, kisha akaanza kuwashwa ghafla, mtafutie sababu nyingine kwanza.

Alama nyingine ni kwamba muwasho hutangulia. Mwenye mbwa akikumbuka vizuri atasema, "Alianza kulamba, ngozi ilikuwa safi kabisa, vipele vikaja baadaye." Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mbwa anayeanza kulamba nyasi zikichipua na kupumzika nyasi zikikauka amejieleza mwenyewe.

Anakula ugali na dagaa kila siku. Dagaa ndio wanamletea?

Inawezekana, lakini usiwashitaki dagaa bila ushahidi. Mzio wa chakula hutokea hata kwa kile alichokila miaka yote bila tatizo, kwa hiyo "mbona amekula tangu mtoto" si utetezi. Kwa upande mwingine, kumwondolea dagaa siku tano na kutazama hakuthibitishi kitu.

Jaribio la kweli ni wiki nane. Unachagua nyama moja na wanga mmoja ambao mbwa hajawahi kula. Kwa mbwa wengi wa hapa, nyama ya mbuzi au sungura na viazi vitamu vilivyochemshwa vinafaa, kwa kuwa samaki, ng'ombe, kuku na mahindi ameshavionja. Hakuna kingine kinachoingia mdomoni: si mabaki ya mezani, si mifupa ya jirani, si maziwa. Muwasho ukipungua sana, unamrudishia ugali na dagaa. Ukirudi ndani ya wiki mbili, umepata jibu. Usiporudi, kilichomsaidia kilikuwa kitu kingine.

Ugumu wa jaribio hili uko kwa watoto wa nyumbani na kwa mbwa anayezurura, ila kwa chakula hatuna kipimo kingine cha kuaminika. Kwa mbwa aliye chini ya mwaka mmoja usilifanye bila daktari, maana nyama na viazi peke yake havina madini ya kutosha kwa mifupa inayokua.

Alichomwa sindano ya kuzuia muwasho akapona wiki mbili, kisha ukarudi. Hiyo si inaonyesha ni mzio?

Haionyeshi. Sindano nyingi za namna hiyo ni steroidi, na steroidi hutuliza muwasho wa karibu kila aina, wa viroboto na wa mzio pia. Zaidi ya hapo, inashusha kinga ya ngozi. Kama chini yake kuna upele wa utitiri au maambukizi, mbwa anaonekana mzima kwa siku kumi na ugonjwa unaendelea kukua. Ile ya kukaa mwilini muda mrefu inaharibu hata uchunguzi, kwa sababu mbwa akiletwa kwangu wiki inayofuata ngozi haisemi ukweli.

Steroidi ina mahali pake. Vidonge vya prednisoloni kwa siku chache, kwa kipimo cha uzito, vikipunguzwa taratibu, humwokoa mbwa mwenye mzio uliopamba moto. Atakunywa maji mengi, atakojoa sana na atakuwa na njaa, hayo ni ya kutarajiwa. Kinachonitia hofu ni sindano moja baada ya nyingine bila mtu kumchana mbwa kwa kitana hata mara moja.

Mzio unapona?

Wa chakula unatulia ukiacha chakula chenyewe. Wa mazingira hauishi, unaongozwa. Wakati wa nyasi mbichi, mwoshe miguu na tumbo kwa maji ya kawaida kila anaporudi matembezini, kisha umkaushe. Muogeshe mara moja kwa wiki, usimwache alale kwenye nyasi zilizofyekwa, na viroboto wasipate nafasi mwaka mzima. Zipo dawa mpya za kuzuia muwasho ambazo si steroidi. Ni ghali na mara nyingi huagizwa kutoka miji mikubwa, kwa hiyo muulize daktari wako mapema kabla msimu haujaanza.

## Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Unaweza kutuonyesha jinsi tabaka hizo zinavyovuliwa kwa mbwa halisi?

Mama mmoja wa Ujiji aliniletea mbwa jike wa rangi ya maziwa, miaka minne, kilo 18, katikati ya Januari. "Shikamoo dokta. Huyu ana ukurutu, nichomee tu ile sindano ya ng'ombe." Nikamwomba kwanza akae tuzungumze. Mbwa alikuwa akilamba miguu kila masika tangu akiwa na miaka miwili, na kiangazi alikuwa akitulia. Mwaka huo hali ilikuwa mbaya kuliko yote, na familia ilikuwa imempaka mawese wiki nzima. Nikamuuliza muwasho ni wangapi kwa kumi, kumi ikiwa mbwa hapati usingizi kabisa. Akasema nane.

Tukamchana. Chembe kutoka shina la mkia zilitoa duara za kutu kwenye karatasi yenye maji. Utepe wa katikati ya vidole ulijaa karanga za malasezia. Nilikwangua ngozi sehemu tano kutafuta utitiri wa ukurutu, sikuona, na kingo za masikio zilikuwa safi. Sindano ya ng'ombe haikuwa na kazi hapo.

Alipewa dawa ya viroboto pamoja na mbwa mwenzake, paka akapewa ya paka. Gunia lilichomwa. Shampuu ikawa Jumatano na Jumapili, dakika kumi kwa saa ya simu. Baada ya wiki tatu mama alisema nne kwa kumi. Harufu ilikuwa imekwisha, tumbo limerudi rangi yake, mkia umetulia. Ila jioni mbwa alikaa mlangoni akilamba miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, kama anayefanya kazi aliyoizoea.

Nne hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Viroboto na fangasi walishaondoka na muwasho bado upo. Tangu katikati ya Februari alikula mbuzi na viazi vitamu kwa wiki nane. Katikati ya Aprili muwasho ulikuwa tatu, karibu palepale, na aliporudishiwa ugali na dagaa hakuongezeka. Chakula kikaachiwa huru. Mwishoni mwa Mei nyasi zilipokauka, ikawa moja.

Novemba iliyofuata mama hakusubiri. Alianza kuosha miguu mvua ya kwanza iliponyesha, dawa ya viroboto haikukatizwa, na Desemba mbwa alihitaji vidonge vya prednisoloni kwa siku chache. Masika yale hakuvuka tatu.

## Yanayofanana nayo lakini siyo

Nyayo zimevimba na anachechemea. Hii ni mzio?

Kwanza angalia funza. Hapa Kigoma funza huingia miguu ya mbwa kama wanavyoingia ya watu, hasa kiangazi kwenye udongo mkavu wenye vumbi. Tazama pembeni ya nyayo na katikati ya vidole: uvimbe mdogo wa mviringo, mweupe au wa manjano, wenye nukta nyeusi katikati. Mbwa akiwa nao, kagueni na miguu ya watoto, maana udongo ni uleule. Usimtoboe kwa pini inayopita kwa watu na wanyama. Mlete atibiwe, kwa kuwa vidonda vya funza huingiza maambukizi ndani ya mguu.

Kama ni mguu mmoja tu unaolambwa, mzio shusha chini kabisa kwenye orodha. Mzio haumchagui mguu mmoja. Hapo tafuta mwiba, kucha iliyovunjika, jeraha au uvimbe.

Banda lenye unyevu na kinyesi nalo huleta wekundu wa nyayo na tumbo, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo ya safura hutoboa ngozi inayogusa chini. Dawa ya minyoo bila kusafisha banda ni kazi bure.

Nitatofautishaje na ukurutu?

Ukurutu wa utitiri unaoambukiza hupenda kingo za masikio, viwiko na tumbo, huwasha kupita kiasi, na mara nyingi watu wa nyumbani nao wanapata vipele mikononi na tumboni. Sugua ncha ya sikio la mbwa kwa vidole. Akianza kurusha mguu wa nyuma kama anayejikuna, shaka inaongezeka. Utitiri unajificha, kwa hiyo daktari asipouona anaweza bado kumtibu.

Ivermektini ya asilimia 1 imetengenezwa kwa ng'ombe, kipimo cha ng'ombe kikiwa mililita 1 kwa kilo 50. Mtu akimchoma mbwa wa kilo 10 mililita moja, amempa mara tano ya hiyo. Mbwa huyo huyumba, mboni zinapanuka, anatoa mate, anatetemeka, na anaweza kupofuka au kuzimia. Mbwa wa jamii ya koli na machotara wao wanaweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Siku hizi zipo tembe za kutafuna zinazoua viroboto na utitiri pamoja, nazo ni salama zaidi kwa mbwa wengi.

## Lini uende kwa daktari

Ni lini nisisubiri hata siku moja?

Uso au midomo ikivimba ghafla, au akipumua kwa shida. Ngozi ikitoa usaha au ikiwa na kidonda kinachopanuka ndani ya saa chache. Akiwa na homa, akikataa kula, au akiwa amelegea. Mtoto wa mbwa mwenye viroboto wengi ambaye ufizi wake umekuwa mweupe, huyo amenyonywa damu na anaweza kufa.

Moja zaidi nalisema kwa uzito: mbwa anayejitafuna sehemu moja kwa ukali huku tabia ikiwa imebadilika, anang'ata vitu, sauti imebadilika, mate yanamtoka au anashindwa kumeza. Usimshike. Wazuie watoto, mfungie mahali kama unaweza bila kumgusa, na mpigie afisa mifugo wa kata. Kichaa cha mbwa huweza kuanza na muwasho pale alipoumwa. Mtu aliyeng'atwa au kulambwa kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo.

Na lini nipange safari ya kawaida?

Kama dawa sahihi ya viroboto imefika wiki mbili na muwasho haujapungua. Kama kuna harufu au masikio yanatoa nta. Kama watu wa nyumbani wanawashwa. Au kama hali inarudi kila mwaka. Usimuogeshe siku mbili kabla, ili ngozi ioneshe kilichopo. Njoo na pakiti za dawa zote alizopewa, na picha za simu za siku alipokuwa na hali mbaya zaidi.

Omba mambo matatu yafanyike: achanwe kwa kitana, achukuliwe utepe wa ngozi, na akwanguliwe kutafuta utitiri. Hayo yanahitaji kitana, utepe wa gundi, rangi ya maabara, kisu kidogo na hadubini tu.

Wakati nasubiri, nimpe panadoli au diklofenaki?

Hapana. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, na zikikutana na prednisoloni ni mbaya zaidi. Panadoli inaweza kuumiza ini, wala haina kazi kwenye muwasho. Piritoni haina madhara makubwa kwa kipimo sahihi, lakini kwa mbwa wengi inasaidia kidogo sana. Cha kufanya usiku huo ni kumwosha miguu na tumbo kwa maji baridi, kumkausha, na kumfunga shingoni kola pana ya boksi au plastiki ili asijitafune.

Watoto wanalala karibu naye. Wataambukizwa?

Inategemea ni nini. Mzio hauambukizi, na fangasi wa malasezia kwa kawaida hawamsumbui mtu mwenye afya. Viroboto watawauma. Utitiri wa ukurutu utawawasha kwa muda, kisha hupungua mbwa akitibiwa. Mbwa akiwa na mabaka ya duara yasiyo na nywele, huenda ni mapunye, na hayo yanapita kwa watoto kirahisi, kwa hiyo mtengeni hadi daktari amwone.